Jinsi ya kuhakiki jibu la kiwango cha usawa na kiasi cha usalama

Ukishapata jibu la swali la kiwango cha usawa, yaani idadi ya bidhaa ambayo mauzo yake yanalingana na gharama zote, usirudie hesabu ileile kwa kalkuleta. Ukirudia njia ileile utarudia na kosa lilelile. Mimi nilipoteza alama nyingi kwa namna hiyo, hadi nilipozoea kulirudisha jibu ndani ya swali.

Tuchukue mfano. Gharama zisizobadilika ni 200,000 kwa mwezi. Kila bidhaa inauzwa 500, na gharama zinazobadilika ni 320 kwa kila moja. Mauzo yanayotarajiwa ni bidhaa 1,500 kwa mwezi. Kila bidhaa inachangia 500 − 320 = 180 kulipia gharama zisizobadilika. Ukigawa 200,000 kwa 180 unapata 1,111.11. Hapa wengi huandika 1,111, kwa sababu desimali ni ndogo na wamefundishwa kukadiria hivyo kwenye hisabati. Ijaribu hiyo 1,111: mauzo ni 555,500, gharama zote ni 200,000 + 355,520 = 555,520. Bado kuna hasara ya 20. Sasa jaribu 1,112: mauzo 556,000, gharama 555,840, faida 160. Kwa hiyo jibu ni 1,112, hata kama desimali ingekuwa ndogo zaidi ya hiyo.

Iangalie hiyo 160 kwa makini. Jibu lililopandishwa hadi namba kamili linaweza kuacha faida ndogo, lakini faida hiyo lazima iwe chini ya mchango wa bidhaa moja, ambao hapa ni 180. Ukipata ziada ya 400, ujue umepita kiwango cha usawa kwa bidhaa nzima au zaidi, na kuna mahali umekosea.

Kiasi cha usalama ni 1,500 − 1,112 = 388, yaani mauzo yanaweza kupungua kwa bidhaa 388 kabla hasara haijaanza. Uhakiki wake ninaupenda kuliko wote, maana unaunganisha majibu mawili. Bidhaa zilizo juu ya kiwango cha usawa hazina tena gharama zisizobadilika za kulipia, hivyo mchango wake wote ni faida: 388 × 180 = 69,840. Kisha tafuta faida kwa njia ndefu: mauzo 750,000, toa 480,000, toa 200,000, inabaki 70,000. Tofauti ni 160, ileile iliyobaki kwenye bidhaa ya 1,112. Tofauti ikiwa namba nyingine yoyote, rudi nyuma utafute kosa.

Swali likitaka asilimia, gawa kwa mauzo yanayotarajiwa: 388 kwa 1,500 ni asilimia 25.9. Anayegawa kwa 1,112 anapata 34.9, na namba hiyo haionekani mbaya kwa macho. Ili kuigundua, punguza 1,500 kwa asilimia uliyopata. Ukipunguza kwa 25.9 unafika karibu na 1,112. Ukipunguza kwa 34.9 unaangukia karibu 977, ambako biashara ilishaanza kupata hasara zamani.

Lakini kuna kosa moja ambalo hakuna uhakiki kati ya huu unaoweza kulikamata, nalo ndilo ninalokuomba ulichunge zaidi. Tuseme swali linasema gharama ya kuzalisha kila bidhaa ni 320, halafu sentensi moja chini linaongeza kwamba ndani yake mna 40 ambayo ni mgawo wa kodi ya jengo. Kodi hiyo tayari imo kwenye 200,000. Ukitumia 320 umeihesabu mara mbili, na bado namba zote hapo juu zitakubaliana vizuri kabisa, kwa sababu zimejengwa juu ya kosa lilelile. Gharama sahihi inayobadilika ni 280, mchango ni 220, kiwango cha usawa kinashuka hadi 910 na kiasi cha usalama kinapanda hadi 590.

Kwa hiyo kabla ya kugawa chochote, shika kila gharama iliyotajwa uulize: mwezi huu tusipozalisha hata bidhaa moja, hii italipwa? Ikilipwa, haina nafasi kwenye gharama ya bidhaa moja moja. Uliza pia ni ya muda gani. Kodi ikitolewa ya mwaka na mauzo ya mwezi, igawe kwa 12 kwanza. Mimi huandika neno “mwezi” au “mwaka” pembeni ya kila namba ninapoinakili kutoka kwenye swali.