Moyo unapiga zaidi ya 100 nikiwa nimetulia

"Nina miaka 34. Mapigo ni 105 hadi 110 hata nikipumzika. Kipimo cha umeme wa moyo kiko sawa, nikaambiwa ni mawazo. Hedhi ni nzito, na nimepungua ingawa nakula sana. Nianzie wapi?"

Pole dada. Usikubali jibu la mawazo kabla damu yako haijapimwa.

Hedhi nzito humaliza madini ya chuma, na damu ikipungua moyo hukimbia ili kufidia oksijeni. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Hb, yaani kiwango cha damu, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Lakini upungufu huo peke yake hauelezi kwa nini unakula sana na bado unapungua. Hapo mimi naishuku tezi ya shingo inayotoa homoni kupita kiasi. Nyoosha mikono uone kama vidole vinatetemeka. Jiulize pia kama joto linakusumbua kuliko wenzako. Mwombe mtu akuhesabie mapigo ukiwa usingizini, dakika nzima: ya wasiwasi kwa kawaida hushuka, ya tezi hubaki juu.

Omba picha kamili ya damu, feritini inayoonyesha akiba ya chuma, na TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi. TSH ikiwa chini sana, ipimwe pia T4 huru, homoni ya tezi yenyewe. T4 hiyo ikiwa juu, tezi imezidi kasi. Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, mwambie daktari, maana vinaweza kupotosha majibu hayo. Tatizo la tezi na upungufu wa damu vinaweza kuwepo pamoja, kwa hiyo Hb ikiwa ndogo usiishie kwenye vidonge vya chuma.

Ukizimia, ukiumwa kifua au mapigo yakienda ovyo, nenda hospitali siku hiyohiyo.