Dar hadi Mbeya, mama anataka kutuona njia nzima

"Tunaenda Mbeya kwa gari na watoto. Mama anataka atuone tulipo njia nzima. Mtandao ukikata itakuwaje?"

Dada, ramani ya kuwaelekeza njia na kumwonyesha mama mlipo ni vitu viwili tofauti. Ramani mkiipakua mapema haihitaji bando, kwa sababu simu inajua mahali ilipo kwa mawimbi inayopokea moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti. Mkiwa bado nyumbani kwenye waifai, fungua Google Maps, gusa picha yako juu, kisha "Offline maps" na "Select your own map". Vuta fremu iguse Dar, Morogoro, Iringa na Mbeya. Ikikataa kwa ukubwa, pakua vipande viwili vinavyopishana kidogo. Bila mtandao itaelekeza gari vizuri, ila foleni haitaonyesha.

Kumwonyesha mama ndiko kunakohitaji mtandao. WhatsApp inaruhusu muda usiozidi saa 8 kwa mara moja, na safari hiyo huzidi hapo, hasa mkikuta malori mengi kwenye mlima Kitonga. Kwa hiyo mkipumzika Iringa, tuma upya "Share live location". Kwenye Android, mpe WhatsApp ruhusa ya "Allow all the time" na uzime kiokoa betri, la sivyo alama itaganda skrini ikizimwa.

Mama aelezwe mapema: alama ikisimama Mikumi, aangalie kwanza imesasishwa saa ngapi. Ikiwa ni muda mrefu, huenda mtandao tu ndio umekata. Kubalianeni mtampigia simu Morogoro, Iringa na Makambako.