Funika picha kwanza

Swali la wiki: Siku ulipoagwa kazini na wasifu wako ukasomwa, ni nini hakikutajwa?

Darasa la kwanza halikutajwa. Mwalimu wa taaluma alisoma vizuri, kwa sauti iliyotulia: mwaka wa kuajiriwa, shule nilizohamishiwa, semina, siku nilipopandishwa cheo. Nilikaa meza kuu na shada shingoni, na kila sentensi niliitambua ilikotoka: hii barua ya ajira, hii ya uhamisho, hiki cheti. Wasifu ulitoka kwenye faili langu, na faili hutunza kilichopigwa muhuri. Kazi niliyoipenda kuliko zote ikapita kwa maneno machache tu, "alifundisha madarasa ya chini".

Nikamkumbuka mtoto mmoja aliyekuwa akisoma ukurasa mzima bila kukwama, wenzake wakimpigia makofi. Kilichonishtua ni macho yake. Yalikuwa kwenye picha, na kidole kilifika mwisho wa mstari kabla ya mdomo. Nikaifunika picha ya jogoo kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja la katikati.

"Jogoo," akasema.

Palikuwa pameandikwa "kuku". Kumbe alikariri kitabu chote kwa kuwasikiliza wenzake, herufi hakuzijua. Mtoto wa namna hii anaweza kupanda madarasa bila kugundulika, maana akipimwa kwa kitabu kilekile anachokijua kwa moyo, anafaulu.

Kitabu nikakiweka kando. Nilikata vikadi vya boksi, nikaandika silabi moja kwa kila kimoja. Tukaweka ba na ta, akasoma "bata". Siku nyingine nikavigeuza, akakodoa macho, akatamka polepole, "taba". Akacheka, akaniuliza ni kitu gani hicho. Si kitu chochote, nikamwambia, na moyoni nilifurahi mno: neno lisilo na maana halikaririki kutoka popote. Amelisoma.

Hayo ndiyo niliyoyasema nilipopewa kipaza sauti, baada ya shukrani. Sikutaka kumlaumu aliyeandika wasifu, aliandika alichokikuta. Ila nilitaka wale wanaofundisha darasa la kwanza wayasikie kabla sijaondoka.

Watu walipoinuka kwenda kula, mwalimu kijana anayelichukua darasa lile alinifuata na swali. Ana mtoto anayezijua silabi moja moja, lakini akishasema "ba", akatulia, kisha "ta", hutaja neno jingine kabisa. Nikamwambia kituo ndicho kinachomponza. Akifika ya pili, ya kwanza imeshamtoka. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, basi amwambie aivute ile irabu bila kukata pumzi, "baaaa", mpaka kidole kifike kwenye ta. Na aanze na maneno ya silabi mbili tu, yale ambayo mtoto huyasema kila siku.