Maandishi ya chini kwenye nembo ya duara

"Nabadilisha nembo ya timu yetu Mbagala kwenye Inkscape, jina la juu limekaa poa ila MBAGALA ya chini inatoka kichwa chini, nifanyeje?"

Mkuu, neno la chini lipe duara lake peke yake, usitumie la juu. Chora duara jipya, liteue nenda Path > Object to Path halafu Path > Reverse, ndo uteue maandishi na duara pamoja ubonyeze Text > Put on Path. Herufi zinafuata mwelekeo wa mstari, ukiugeuza zinasimama upande wa ndani wa duara na zinasomeka.

Kuna aliyeshauri hapa uzungushe tu duara nyuzi 180, yuko sahihi nusu, neno litashuka chini kweli ila bado litakuwa limepinduka.

Sasa wengi wanakwama kwenye saizi. Maandishi ya juu yanakua kwenda nje ya mstari, ya chini yanakua kwenda ndani, kwa hiyo duara la chini lazima liwe kubwa zaidi. Kama la juu lina kipenyo cha milimita 70 na herufi zina urefu wa 6, la chini weka 82, ukiacha yote 70 utaona neno la chini limeingia kwenye mpira wa katikati.

Kulisogeza neno zungusha duara lenyewe, na usilifute, toa rangi ya mstari tu. Kabla ya kupeleka kwa fundi Kariakoo tengeneza kopi, hiyo ndo uigeuze kuwa Path, maana fonti yako anaweza asiwe nayo.