OH zote mbili ziko upande mmoja, kwa nini si meso?

Swali: "Wakuu, nimekwama kwenye asidi ya tartariki. Nimechora zigizaga, OH zote mbili nikaziweka kwenye kabari, nikaandika meso kwa sababu ziko upande mmoja. Mwongozo wa majibu unasema hiyo ni (2S,3S) na si meso. Halafu kwenye erithrosi, mchoro wa Fischer una OH zote kulia na bado wanasema si meso. Kanuni ni ipi hasa?"

Ndugu yangu, kosa hilo la kwanza nililifanya mimi mwenyewe nikiwa mwaka wa pili chuoni, tena nikabishana na mwalimu aliyesahihisha jaribio kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba macho yangu hayadanganyi. Hakunijibu kwa maneno. Alinipa madonge mawili ya udongo na vijiti vya meno vilivyochovywa rangi, akaniambia niunde nilichokichora kisha nimwonyeshe kioo kinapita wapi, maana meso ni molekuli yenye vitovu ambayo nusu yake moja ni taswira ya kioo ya nusu nyingine. Nilihangaika na vijiti vile kwa muda mrefu, na kioo sikukiona.

Tuanze na zigizaga yako. Nachukulia kwamba kaboni ya 2 umeiweka juu na kaboni ya 3 chini, kwa kuwa mkao huo ndio unaotoa (2S,3S) OH zote zikiwa kwenye kabari. Ukianza zigizaga kwa kushuka badala ya kupanda, kabari zile zile mbili zitakupa (2R,3R). Katika mchoro huo makundi mawili ya COOH yametazamana kinyume: moja liko chini kushoto, jingine juu kulia. Sasa shika nusu ya kushoto isisogee, kisha zungusha nusu ya kulia digrii 180 kuzunguka bondi inayounganisha kaboni ya 2 na ya 3. Bondi moja huruhusu mzunguko huo, kwa hiyo molekuli haijabadilika, bali mkao wake tu. COOH iliyokuwa juu kulia inashuka chini kulia. OH iliyokuwa chini inapanda juu, lakini angalia kwa makini: kilichokuwa mbele ya karatasi sasa kimekwenda nyuma, kwa hiyo OH hiyo imetoka kwenye kabari na kuingia kwenye mstari wa vipande. Sasa COOH zote mbili zimekaa upande mmoja, tayari kuulizwa kama zinatazamana kiooni, ilhali OH moja iko mbele na nyingine iko nyuma. Kioo kinachosimama katikati ya kaboni hizo mbili kinadai OH ya mbele ione OH ya mbele, na hapa haioni. Hiyo si meso.

Rudia zoezi hilo hilo kwa mchoro wenye OH moja kwenye kabari na nyingine kwenye mstari wa vipande. Baada ya kuzungusha, ile ya nyuma inakuja mbele, zote mbili zinakuwa kwenye kabari, na nusu ya kushoto inakuwa taswira kamili ya nusu ya kulia. Hiyo ndiyo meso, ingawa kwenye zigizaga OH zake zilionekana kana kwamba zimegombana.

Chanzo cha mkanganyiko, basi, ni kwamba michoro hiyo miwili inaonyesha mikao tofauti. Mchoro wa Fischer huchora molekuli ikiwa imekunjwa, makundi ya kaboni moja yakiwa mbele ya makundi ya kaboni inayofuata, ndiyo maana OH mbili za upande mmoja katika Fischer zinaweza kuashiria meso. Zigizaga huchora mnyororo ulionyooshwa, na kwa vitovu, yaani kaboni zilizoshikwa na makundi manne tofauti, vikiwa vimepakana ishara inageuka. Nasema vilivyopakana kwa makusudi. Kukiwa na kaboni moja katikati yao, kama katika pentani-2,4-dioli, kioo hupita kwenye kaboni ya 3 ndani ya zigizaga yenyewe, na hapo OH mbili zilizo kwenye kabari ndizo zinazotoa meso. Kwa sababu hiyo simshauri mtu akariri "upande mmoja" au "pande mbili". Akariri mzunguko.

Tuje kwenye erithrosi, ambako tatizo ni jingine kabisa. Kabla ya kuangalia OH ziko wapi, linganisha ncha za mnyororo. Meso huwezekana tu ikiwa kitovu cha kwanza kimeshikwa na makundi manne yale yale yaliyoshika kitovu cha pili. Asidi ya tartariki inatimiza sharti hilo: kila kitovu kina H, OH, COOH, na nusu ya pili ya molekuli. Erithrosi ina CHO upande mmoja na CH2OH upande wa pili, na hakuna kioo kitakachoigeuza CHO iwe CH2OH hata ukipanga OH utakavyo. Kwa hiyo ina isomeri nne kamili: erithrosi mbili ambazo ni enantiomeri, yaani taswira za kioo zisizolingana, (2R,3R) na (2S,3S), na threosi mbili ambazo nazo ni enantiomeri, (2S,3R) na (2R,3S). Erithrosi yoyote ukiilinganisha na threosi yoyote ni diastereomeri, yaani si taswira za kioo. Asidi ya tartariki ina tatu tu, kwa kuwa (2R,3S) na (2S,3R) ni kitu kimoja kilichosomwa kutoka ncha tofauti. Ukigeuza Fischer ya moja digrii 180 juu ya karatasi unapata ya nyingine. Usiigeuze digrii 90, kwa maana mistari ya mlalo inakuja mbele na ya wima inakwenda nyuma, na mzunguko huo hubadilisha kila kitovu kuwa kinyume chake.

Herufi R na S ndizo zinazomaliza ubishi, ila zitolewe kwa uangalifu. Nitatoa za tartariki yenye OH zote kulia katika Fischer. Kwenye kaboni ya 2, OH ni ya kwanza, COOH ya pili kwa sababu kaboni yake ina oksijeni tatu, kaboni ya 3 ni ya tatu, H ya mwisho. Kutoka OH kulia, kwenda COOH juu, kwenda kaboni ya 3 chini, unazunguka kinyume cha saa. Lakini H imekaa kwenye mstari wa mlalo, yaani inakutazama, kwa hiyo jibu linageuzwa na kuwa R. Kwenye kaboni ya 3 safari ni kutoka OH kulia, kwenda COOH chini, kwenda kaboni ya 2 juu: mwelekeo wa saa, ukigeuzwa ni S. Umepata (2R,3S), na kwa kuwa ncha zinafanana, ni meso. Wengi hukosea kwa kusahau kugeuza, na kwa bahati mbaya ukisahau kwenye vitovu vyote viwili unapata (2S,3R), ambayo hapa ni meso ile ile, kwa hiyo kosa linajificha hadi siku utakapokutana na erithrosi.

Herufi zikishapatikana kwa kampaundi ile ile, kazi ni nyepesi. Zote mbili zikipinduka, una enantiomeri, isipokuwa kama ni meso iliyosomwa kutoka ncha ya pili. Ikipinduka moja tu, una diastereomeri. Nasisitiza kampaundi ile ile, na hapa kuna kisa ninachokipenda. Erithrosi ya (2R,3R) ukiioksidisha kwa asidi ya nitriki, CHO na CH2OH zote hugeuka COOH, nawe unapata tartariki ya meso, (2R,3S). Kaboni ya 3 imetoka R kwenda S bila bondi yake hata moja kukatika. Kilichobadilika ni vyeo: katika erithrosi, kaboni ya 2 ilikuwa na cheo cha juu kuliko CH2OH, na katika tartariki COOH imeipita. Enantiomeri yake, erithrosi ya (2S,3S), inatoa meso hiyo hiyo, wakati kila threosi inatoa tartariki yake yenyewe inayozungusha nuru. Ndivyo wakemia wanavyoweza kutofautisha erithrosi na threosi kwa polarimita: oksidisha, kisha angalia kama asidi inayotoka inazungusha nuru au la.

Polarimita yenyewe ina mpaka wake. Tartariki asilia ya zabibu, (2R,3R), huzungusha nuru iliyopolarishwa takriban digrii 12 kulia ikiwa ndani ya maji, kwa kipimo cha mzunguko mahususi, na (2S,3S) kiasi hicho hicho kushoto. Meso husoma sifuri. Lakini mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa enantiomeri hizo mbili nao husoma sifuri, na kwenye mtihani wa vitendo niliwahi kuona mwenzangu akiandika "meso" kwa sababu hiyo tu. Mchanganyiko huo unaweza kutenganishwa. Pasteur alifanya hivyo mwaka 1848 kwa kuchambua kwa mkono fuwele za chumvi yake ya sodiamu na amoniamu, zile za mkono wa kulia mbali na zile za kushoto. Meso haina cha kutenganisha, maana kila molekuli yake ni ile ile. Mchanganyiko huo hutofautiana na enantiomeri safi pia kwenye joto la kuyeyuka: enantiomeri mbili safi huyeyuka zote karibu nyuzi 170, wakati mchanganyiko wao wa nusu kwa nusu hufika karibu 206. Meso, kwa kuwa ni diastereomeri ya zote mbili, hata ukali wake kama asidi ni tofauti: pKa ya kwanza ni takriban 3.2, ilhali kwa zile mbili ni takriban 3.0.

Kwa michoro yako miwili, basi: zigizaga yenye kabari mbili ni (2S,3S), enantiomeri ya tartariki ya zabibu, na ukibadilisha OH moja tu iende kwenye mstari wa vipande utapata meso uliyokuwa unaitafuta. Erithrosi iache kama ilivyo. Ncha zake zilikwisha kukujibu kabla hujagusa OH.