Majina ya bidhaa yanayojirudia

"Nina mamia ya bidhaa zinazoitwa 'Shati la mikono mirefu' tu. Nibadilishe moja moja?"

Hapana. Weka aina, chapa, rangi na saizi kwenye safu B hadi E za lahajedwali, kisha kwenye seli F2 andika:

```
=TEXTJOIN(" ",TRUE,B2:E2)
```

Buruta hadi chini. Wanaosema fomula hii inamaliza kazi wako sahihi nusu: chapa na rangi zisipojazwa, zinarukwa kimyakimya, na mashati mawili yanabaki "Shati la mikono mirefu L". Nilinaswa hapo mwenyewe. G2 weka `=COUNTIF(F:F,F2)`, inayohesabu jina limeonekana mara ngapi, nayo uiburute hadi chini. Ikizidi 1, tafuta sifa iliyokosekana, au ni bidhaa ileile iliyoingizwa mara mbili. Msimbo wa bidhaa na anwani ya ukurasa usiviguse; ukibadilisha anwani, viungo vya zamani vinaweza kukatika.