Reli za droo ya sufuria

"Wakuu, nipo Kigoma, najenga kabati la jiko. Droo ya sufuria nifunge reli za pembeni au za chini?"

Za pembeni, zile za gololi. Mimi nilianza na za chini kwa sababu hazionekani. Ziliandikwa kilo 30, nami nikadhani ni kila reli. Kumbe ni jozi nzima. Baadaye nikapeleka sufuria kwenye mizani ya muuza dagaa: kilo 28. Droo yenyewe, mninga mtupu, kilo 9. Jumla 37! Ndiyo maana ukiivuta mdomo ulikuwa unainama na kukwaruza fremu. Nikafunga za pembeni za kilo 45, zimetulia. Ila zinakula nafasi: kila upande milimita 13, kwa hiyo droo ipungue 26 kwa upana.